Rula ya Mita Inapogeuka Mizani

Mwanza haina uhaba wa mawe. Majabali ya graniti yamesimama katikati ya nyumba, kando ya barabara na ndani ya ziwa lenyewe, na vipande vilivyobanduka vimetapakaa kila kona. Chukua kimoja kinachoenea kiganjani. Kina gramu ngapi? Mwenye mizani ya elektroniki atakiweka juu yake na kusoma tarakimu. Asiye nayo anaweza kupata jibu kwa rula ya mbao ya mita moja, uzi kidogo, kipande cha ubao chenye ukingo mkali na jiwe moja la mizani la gramu 100. Akifanya kazi kwa uangalifu, jibu lake litatofautiana na la mizani kwa gramu moja hivi, na kwa vifaa vya bei hiyo si haba.

Jaribio hili ni la kawaida katika maabara za shule za sekondari Tanzania na Kenya, na wanafunzi wengi hulimaliza wakiwa na namba sahihi bila kujua imetoka wapi. Wengine hupata namba isiyo sahihi, wasijue pia imetoka wapi. Hapo ndipo pana mengi ya kueleza, kwa sababu rula hii ina njia ya kumwonyesha mtumiaji kosa lake mwenyewe, ilimradi ajue pa kutazama.

Msingi wake unajulikana na kila mtoto aliyewahi kucheza bembea ya ubao. Mnene akikaa mwisho wa ubao na mwembamba akakaa mwisho wa pili, mwembamba hubaki juu akining'inia. Mnene akisogea karibu na gogo la katikati, wawili hao hulingana. Kinachopambana kwenye ubao ule si uzito peke yake, bali uzito uliozidishwa kwa umbali wake kutoka pale ubao unapoegemea. Zao hilo huitwa momenti, na mahali ubao unapoegemea huitwa egemeo. Ubao hutulia pale momenti za upande wa kushoto zinapokuwa sawa na za upande wa kulia. Arkimedi wa Sirakusa aliiandika kanuni hiyo pamoja na uthibitisho wake katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alisema vitu viwili hulingana vikiwa mbali na egemeo kwa kinyume cha uwiano wa uzito wao: chenye uzito maradufu hukaa nusu ya umbali.

Kwa hiyo ukijua uzito mmoja na umbali wote wawili, uzito wa pili haujifichi tena.

Kabla ya kutundika chochote, rula yenyewe inapaswa kupimwa tabia. Nayo ina uzito wake. Rula ya mbao ya mita moja huweza kufika gramu 120 au zaidi, yaani inalizidi lile jiwe la gramu 100. Uzito huo wote hufanya kazi kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, kwenye kitovu cha uzito. Egemeo likiwekwa chini ya kitovu hicho hasa, umbali kati yao ni sifuri, na sifuri ikizidishwa kwa gramu 120 hubaki sifuri. Rula inakuwa kana kwamba haina uzito kabisa, na mahesabu yanabaki ya vitu viwili tu vilivyotundikwa.

Mtego uko hapa. Wengi huweka egemeo kwenye alama ya 50 kwa sababu ndiyo katikati ya rula. Ni katikati ya urefu, si lazima iwe katikati ya uzito. Mbao haina uzito ule ule kila mahali. Ncha ya rula huchakaa, au hupakwa rangi zaidi, au hunyonya unyevu kuliko ncha ya pili. Rula nyingi zina tundu karibu na ncha moja la kutundikia ukutani, na mbao iliyotolewa pale imetolewa upande mmoja tu. Rula ya mfano wetu inatulia kwenye alama ya 50.3. Tofauti ya milimita tatu inaonekana kuwa ya kupuuzwa, lakini tutairudia, maana italeta kesi.

Sasa kazi yenyewe. Jiwe la Mwanza linafungwa uzi wenye kitanzi, na kitanzi kinavishwa kwenye rula upande wa kushoto, sentimita 20 kutoka kwenye egemeo, yaani kwenye alama ya 30.3. Jiwe la mizani la gramu 100 linatundikwa upande wa kulia kwa namna ile ile, kisha linasogezwa taratibu hadi rula ikae mlalo. Linatua kwenye alama ya 77.7. Toa 50.3, inabaki sentimita 27.4. Upande wa kulia una gramu 100 mara 27.4, ambayo ni 2,740. Upande wa kushoto una uzito usiojulikana mara 20. Gawa 2,740 kwa 20: gramu 137.

Kosa la mwanafunzi mwenye haraka hapa ni kuandika 77.7 kama umbali. Alama iliyo kwenye rula inaanzia ncha ya sifuri, wakati momenti haijali ncha ya sifuri iko wapi. Inajali egemeo tu. Mwenye kosa hilo hujulikana upesi, maana jibu lake huwa la kustaajabisha. Hapa angepata 77.7 mara 100, gawa kwa 30.3, karibu gramu 256, na jiwe lililo mkononi mwake lingemkatalia.

Maelezo ya vitabuni husema "rula ikitulia" kwa wepesi, kana kwamba rula hutulia. Aliyejaribu anajua kwamba haitulii. Inalala kushoto, ukilisogeza jiwe nywele moja, inalala kulia. Kuna sababu yake. Rula imelazwa juu ya ukingo mkali, na vitanzi vimeketi juu ya mgongo wa rula. Uzito wote kwa hiyo unashika mahali palipo juu kidogo ya egemeo, kwa unene wa rula. Kitu chochote chenye uzito juu ya mahali kinapoegemea kikianza kuinama huendelea kuinama. Mafundi wa mizani za mihimili hukwepa tatizo hilo kwa kupanga sehemu zote tatu zenye makali, ile ya kati na zile mbili za masahani, kwenye mstari mmoja, na kuacha kitovu cha mhimili wenyewe kiwe chini kidogo ya makali ya kati. Mhimili kama huo ukisukumwa hucheza juu chini kisha hurudi mahali pake.

Kwa rula ya maabara, dawa si kusubiri itulie kabisa. Dawa ni kutafuta mipaka miwili. Lisogeze jiwe la gramu 100 nje hadi mahali pa kwanza ambapo rula inalalia kulia bila shaka yoyote, soma alama. Lirudishe ndani hadi ilalie kushoto bila shaka, soma tena. Kama alama ni 77.8 na 77.6, jibu ni 77.7, na upana wa milimita mbili baina yao unakuambia unaweza kukiamini kipimo chako kwa kiasi gani. Jicho nalo liwe mbele ya uzi moja kwa moja, si pembeni, kwa kuwa ukiutazama uzi kwa mshazari unaonekana umekaa kwenye alama ya jirani.

Kuna jambo jingine ambalo huwasumbua waangalifu bila sababu. Rula ikiinama kidogo, je, umbali hauharibiki? Unapungua kweli, kwa sababu umbali unaohusika ni ule wa mlalo. Ila unapungua kwa uwiano ule ule pande zote mbili, kwa hiyo ulinganifu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mwinamo wa digrii moja au mbili hauna haja ya kumnyima mtu usingizi.

Hapa pia ndipo inapoonekana kwamba rula hii haipimi kile kinachopimwa na mizani ya springi. Springi hupima jinsi dunia inavyokivuta kitu, na mvuto huo si ule ule kila mahali. Kileleni Kilimanjaro ni hafifu kidogo kuliko ufukweni Tanga. Kwenye rula, mvuto unaolivuta jiwe la Mwanza ndio huo huo unaolivuta jiwe la gramu 100. Uko pande zote mbili za mlinganyo na hujifuta wenyewe. Kinachobaki ni tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe. Ndiyo maana jibu letu ni gramu 137 Tanga, gramu 137 kileleni, na lingekuwa gramu 137 mwezini, ambako mvuto ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu.

Swali la kufaa kuulizwa ni kwa nini tulichagua sentimita 20. Tungeweza kulitundika jiwe sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, na gramu 100 zingetua karibu na sentimita 6.85. Kihesabu ni sawasawa. Kivitendo ni hasara. Jicho linaweza kukosea milimita moja popote lilipo, na uzi wenyewe una unene. Milimita moja ndani ya sentimita 5 ni sehemu mbili katika mia, kwa hiyo jibu linaweza kuyumba kwa gramu tatu hivi kwa kosa hilo peke yake. Milimita hiyo hiyo ndani ya sentimita 30 ni sehemu moja katika mia tatu, na jibu haliyumbi hata nusu gramu. Kwenda mbali kuna kikomo chake: jiwe letu likiwekwa sentimita 36, gramu 100 zitahitaji sentimita 49.3 na zaidi, nayo rula imebakiza 49.7 tu upande wa kulia. Uzito unaojulikana ukiwa mdogo mno, rula huisha kabla ya ulinganifu kupatikana. Ukiwa mkubwa mno, husongamana karibu na egemeo, mahali ambapo milimita ni ghali. Unaofaa ni ule usiotofautiana sana na kitu kinachopimwa.

Turudi kwenye zile milimita tatu. Tuseme mwanafunzi ameweka egemeo kwenye alama ya 50.0 bila kupima, na kitovu cha rula kiko 50.3. Gramu 120 za rula sasa ziko sentimita 0.3 upande wa kulia wa egemeo, na zinaleta momenti ya 36 ambayo hakuiandika popote. Rula inamsaidia mzigo wa kulia kimyakimya. Akilitundika jiwe sentimita 10 upande wa kushoto, momenti yake ni 1,370. Gramu 100 hazihitaji kubeba zote, zinahitaji kubeba 1,334 tu, kwa hiyo zinatua kwenye sentimita 13.3. Mwanafunzi anahesabu na kupata gramu 133. Akilitundika jiwe sentimita 30, gramu 100 zinatua kwenye 40.7 na anapata karibu gramu 136. Jiwe halikuongezeka uzito baina ya vipimo viwili.

Majibu yanayopanda au kushuka kwa mpangilio kadiri umbali unavyobadilika ni dalili. Makosa ya jicho hurukaruka huku na huku. Kosa la egemeo huelekea upande mmoja. Ndiyo sababu maswali ya mtihani wa vitendo huwa hayaridhiki na kipimo kimoja. Humtaka mwanafunzi alitundike jiwe sentimita 10, kisha 15, 20, 25 na 30, aandike kila mara umbali wa gramu 100, halafu achore grafu: umbali wa jiwe kwenye mhimili wa mlalo, umbali wa gramu 100 kwenye mhimili wa wima. Rula iliyoegemezwa vizuri itatoa 13.7, 20.6, 27.4, 34.3 na 41.1, na mstari utapita kwenye sifuri. Mwinuko wake, yaani kiasi unachopanda kwa kila sentimita unayokwenda kulia, ni 1.37. Zidisha kwa gramu 100, unapata 137.

Ya yule aliyeegemeza kwenye 50.0 ina jambo la kupendeza. Vipimo vyake vyote vimeshuka kwa kiasi kile kile, sentimita 0.36, kwa kuwa momenti ya rula haibadiliki jiwe liwe wapi. Mstari wake wote kwa hiyo umeshuka, lakini haukubadilisha mwinuko. Bado ni 1.37. Akihesabu kutoka kwenye mwinuko badala ya kipimo kimoja kimoja, anapata gramu 137 ingawa egemeo lake lilikuwa mahali pabaya. Na pale mstari unapokata mhimili wa wima, 0.36 chini ya sifuri, ndipo kosa lake lilipoandikwa wazi. Wanafunzi wengi huona mstari haupiti kwenye sifuri wakaulazimisha upite, kwa kuamini kwamba grafu nzuri ni ile ya kitabuni. Wanapofanya hivyo wanafuta ushahidi na kuharibu jibu kwa pamoja.

Asiyependa grafu ana njia nyingine, fupi zaidi: abadilishane pande. Jiwe likiwa kushoto kwa sentimita 10, gramu 100 zimetua kwenye 13.3. Jiwe likihamishiwa kulia kwa sentimita 10 zile zile, rula sasa inausaidia upande wa jiwe, na gramu 100 zinalazimika kwenda hadi 14.1. Wastani wa 13.3 na 14.1 ni 13.7. Kile rula ilichokipunguza upande mmoja imekirudisha upande wa pili.

Kubadilishana pande ni silaha hata sokoni, kwenye mizani yenye mhimili na masahani mawili. Mhimili unaweza kutulia mlalo masahani yakiwa matupu huku mikono yake haiko sawa. Sahani la mkono mfupi likiwa zito kidogo, linaficha tofauti. Tuseme mkono wa mawe ni sentimita 20 na mkono wa sukari ni 21. Muuzaji anaweka jiwe la kilo moja, anamimina sukari hadi mhimili ulale sawa, na mteja anaondoka na gramu 952. Mteja anayeomba sukari ile ile ihamishiwe sahani la jiwe, na jiwe liende kwenye sahani la sukari, ataona mhimili ukianguka upande wa jiwe. Mizani ya haki haijali kipi kimekaa wapi. Tanzania ina Wakala wa Vipimo wenye kazi ya kuhakiki na kupiga chapa mizani na mawe ya biashara, lakini jaribio hili halihitaji chapa wala kifaa, linahitaji mteja asiye na haya.

Kuna kosa moja ambalo wala grafu wala kubadilishana pande haviligundui. Kama jiwe la "gramu 100" limemeguka na kubaki gramu 98, kila jibu litazidi kwa sehemu mbili katika mia, mstari utapita kwenye sifuri bila aibu, na pande zote mbili zitakubaliana. Rula hulinganisha tu. Haijui gramu ni nini isipokuwa kwa kuambiwa na kile kilichotundikwa. Shule isiyo na mawe ya mizani ya kuaminika inaweza kutumia maji: mililita 100 za maji safi ya kawaida ni gramu 100 kwa ukaribu wa kutosha, mradi chupa tupu inayoyabeba ilinganishwe kwanza na chupa nyingine kama hiyo upande wa pili, umbali ule ule.

Uzito wa rula, ambao mwanzoni tulihangaika kuuondoa, nao unaweza kupimwa kwa kuufanya utoke mafichoni. Tundika gramu 100 kwenye alama ya 10.0 na usiweke kitu upande wa pili. Sasa sogeza egemeo lenyewe hadi rula ilingane. Linatua kwenye alama ya 32.0. Gramu 100 ziko sentimita 22.0 kutoka pale, momenti 2,200. Kitovu cha rula, kule 50.3, kiko sentimita 18.3 upande wa pili. Gawa 2,200 kwa 18.3, rula ina gramu 120. Tangu hapo rula yenyewe ndiyo jiwe la mizani, na mtu anaweza kupima kitu kingine bila kuwa na uzito wowote wa ziada.

Baada ya gramu, jiwe la Mwanza bado lina habari moja ya kutoa, na kwa mtu anayetaka kujua ni jiwe la aina gani, habari hiyo ni bora kuliko gramu. Litundike sentimita 30 kutoka kwenye egemeo. Gramu 100 zinatua kwenye 41.1 kama tulivyoona. Sasa weka chini yake chombo chenye maji, jiwe lizame lote bila kugusa chini wala ukuta wa chombo. Maji yanalisukuma juu, jiwe linaonekana jepesi, na gramu 100 lazima zirudi ndani hadi 25.6. Maji yamebeba sehemu inayolingana na sentimita 15.5. Arkimedi tena: kiasi kilichobebwa ni uzito wa maji yaliyosogezwa na jiwe, yaani maji yenye ujazo sawa na wa jiwe. Gawa 41.1 kwa 15.5, unapata 2.65. Jiwe ni zito mara 2.65 kuliko maji ya ujazo wake, na hiyo ndiyo densiti inayotarajiwa kwa graniti, ambayo kwa kawaida huangukia kati ya 2.6 na 2.7. Lingekuwa basalti, namba ingekaribia 2.9 au 3. Lingekuwa pairaiti, madini ya manjano yanayowadanganya watafuta dhahabu, ingekuwa kama 5, wakati dhahabu tupu ni 19.3.

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni viputo vya hewa vinavyong'ang'ania mikwaruzo ya jiwe. Kila kiputo hulinyanyua jiwe kidogo zaidi, na densiti inatoka ndogo kuliko ilivyo. Jiwe lilowekwe kwanza, lisuguliwe kwa kidole ndani ya maji, ndipo lisomwe. Uzi nao uwe mwembamba, kwani sehemu yake iliyozama huchukuliwa na maji pia. Na jiwe liwe la kutosha: chembe ya gramu moja ikitundikwa sentimita 40, gramu 100 zingepaswa kukaa milimita nne kutoka kwenye egemeo, mahali ambapo hakuna jicho linaloweza kusoma mabadiliko yake ndani ya maji.

Tazama tena hesabu ile ya mwisho: 41.1 gawa kwa 15.5. Hakuna gramu ndani yake. Uzito wa jiwe la mizani uko katika vipimo vyote viwili, cha hewani na cha majini, na umejifuta. Badala ya gramu 100 mtu angeweza kutundika chupa ya mchanga ambayo hajui uzito wake, akapata 22.8 hewani na 14.2 majini, tofauti 8.6, na 22.8 gawa kwa 8.6 ni 2.65 ile ile. Hatakuwa na njia ya kusema jiwe lake lina gramu ngapi. Atakuwa na uwezo wa kusema kwamba halina dhahabu ya kutajika.